Barua ya Matubwitubwi kwa Wazazi wa Darasa la Tatu

Shikamoo Mama Muuguzi,

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi hapa Morogoro. Jumatatu tarehe 4 Agosti mwanafunzi wangu mmoja alikuja shule shavu la kulia likiwa limevimba. Wakati wa mapumziko akashindwa kutafuna andazi, nikampigia simu mama yake akaja kumchukua. Walikwenda kituo cha afya, tabibu akawaambia ni matubwitubwi. Mama anasema uvimbe aliuona tangu Jumapili asubuhi, akadhani ni jino.

Sasa kundi la wazazi la WhatsApp limechafuka. Wengine wanataka darasa lifungwe, wengine wanauliza ni mtoto wa nani, na baba mmoja ameandika kwamba wavulana wote wa darasa hilo watakuwa tasa. Mkuu wa shule ameniagiza niandike barua. Nimepata mfano wa barua ya shule moja ya Marekani, nikaufasiri. Unasema mgonjwa akae nyumbani siku 5, wazazi wakague kadi kuona kama mtoto amepata dozi 2 za MMR, na ambaye hajachanjwa asije shule mpaka zipite siku 26. Nimetazama kadi ya mwanangu mwenyewe, nikakuta Surua-Rubela mara mbili. Je, ndiyo hiyo hiyo MMR? Na hizo siku 26 nizitangaze? Darasa lina watoto 62.

Mwalimu, Morogoro

—

Marahaba, mwalimu. Barua hiyo usiitume. Huko ilikoandikwa iko sawa kabisa, lakini ukiigawa Morogoro itawatuliza wazazi wanaopaswa kujua kuwa watoto wao hawana kinga, kisha itawafukuza shule karibu watoto wote.

Tuanze na kadi, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika. Chanjo anayopewa mtoto wa Tanzania akitimiza miezi 9, kisha akarudia miezi 18, ni ya magonjwa mawili: surua na rubela. Ilianza kutolewa nchini mwaka 2014, kabla ya hapo tulikuwa tunachanja surua peke yake. MMR ni chanjo ya magonjwa matatu, na lile la tatu ndilo matubwitubwi. Kwa hiyo jibu ni hapana, hiyo si MMR. Mwanao ana kadi nzuri, iliyokamilika, ambayo muuguzi yeyote angeifurahia, na bado hana kinga ya ugonjwa uliomo darasani kwako. Hali ni hiyo hiyo kwa Kenya, ambako nako chanjo ya kawaida ya serikali ni ya surua na rubela.

Wazazi huniuliza kwa nini serikali isiongeze hiyo ya tatu. Moja ya sababu ni kwamba surua huua watoto wadogo, na rubela huharibu macho, moyo na masikio ya mtoto aliye tumboni. Matubwitubwi huua kwa nadra sana, kwa hiyo hukaa nyuma ya foleni. Kuna na sababu nyingine isiyojulikana sana. Ukichanja matubwitubwi kwa kusuasua, watoto wachache tu wakapata, virusi havitoweki. Vinapungua kasi, na wale wasiochanjwa wanachelewa kukutana navyo mpaka wawe vijana. Ugonjwa huu humsumbua kijana kuliko mtoto. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaka nchi iwe na uhakika wa kufikia angalau watoto 80 katika kila 100 kabla ya kuingiza chanjo hiyo kwenye ratiba yake.

Mtoto wa darasani kwako mwenye MMR atakuwa amechanjwa hospitali binafsi, au amezaliwa na kukulia nchi inayoitoa, tuseme Uingereza au Omani. Kwenye kadi yake patakuwa pameandikwa herufi hizo tatu waziwazi. Hata huyo asihakikishiwe kupita kiasi: dozi 1 huzuia ugonjwa kwa kiasi cha asilimia 78, na dozi 2 kwa asilimia 88 hivi.

Basi kukagua kadi kuna faida gani? Kuna faida, ila si ile uliyoifasiri. Mzazi akitoa kadi kabatini kwa sababu ya barua yako, mara nyingi ataona kitu ambacho hakukitafuta: nafasi ya miezi 18 haina tarehe. Wengi hukoma kwenda kliniki mtoto akishatembea. Mtoto huyo apelekwe kliniki akaulizwe kuhusu dozi hiyo, kwa ajili ya surua. Mwambie mzazi hivyo hivyo, kwamba ni kwa ajili ya surua na rubela, asije akarudi nyumbani akiamini amemkinga na matubwitubwi.

Sasa zile siku 26. Chanzo chake ni hiki: kutoka siku mtu anapoambukizwa mpaka shavu livimbe huchukua siku 12 hadi 25, na wengi huangukia siku ya 16 hadi ya 18. Ukimweka nyumbani mtoto asiye na kinga mpaka siku ya 26 tangu mgonjwa wa mwisho alipovimba, umeupita muda wote ambao angeweza kuugua. Kwa Wamarekani hesabu hiyo inawezekana kwa sababu wasiochanjwa ni wachache katika shule, na hata hao wakikubali kuchanjwa huruhusiwa kurudi. Kwako ambao hawajachanjwa ni karibu wote. Utabaki darasani na watoto wawili watatu. Na akiugua mwingine tarehe 20, hesabu inaanza upya. Ungefunga darasa mpaka wasahau jedwali la kuzidisha, na jioni wangekuwa pamoja uwanjani wakicheza mpira kama kawaida.

Anayekaa nyumbani ni aliyevimba peke yake. Ndugu zake walio wazima waje shule. Jirani yake wa dawati aje shule.

Hesabu ya siku 5 ndiyo inayokosewa kila mara, kwa hiyo nitaifanya hapa kwa tarehe zako. Siku ya kwanza ya uvimbe haihesabiwi. Mama aliuona Jumapili tarehe 3, hivyo Jumatatu tarehe 4 ndiyo siku ya 1, na siku ya 5 ni Ijumaa tarehe 8, ambayo kwa bahati ni Nane Nane na shule zimefungwa. Mtoto anarudi Jumatatu tarehe 11 kama homa imeisha na anajisikia vizuri. Ukihesabu kuanzia siku uliyomwona wewe utakuwa umemwongezea siku asiyostahili. Likivimba na shavu la kushoto siku ya tatu, jambo ambalo hutokea mara nyingi, usianze hesabu upya. Shavu la kwanza ndilo linalohesabiwa. Anaweza pia kurudi bado ana uvimbe kidogo, kwa kuwa uvimbe huweza kuchukua siku 10 kuisha wakati uwezo wa kuambukiza umeshapungua sana. Usimdai cheti cha daktari. Cheti kitamgharimu mama nauli na siku ya kazi, na tabibu hana kipimo cha kufanya siku hiyo zaidi ya kuhesabu vidole kama wewe.

Mgonjwa huambukiza tangu siku 2 hivi kabla ya kuvimba. Kwa huyu wako ni tangu Ijumaa tarehe 1, siku aliyokuwa darasani mzima wa afya, na tena Jumatatu tarehe 4 mpaka mama yake alipokuja. Hapo ndipo penye jibu la wanaotaka darasa lifungwe: mlango wanaotaka kuufunga mgonjwa ameshapita. Zaidi ya hayo, wapo wanaoambukizwa wasivimbe kabisa, pengine mmoja kati ya watano, nao hupitisha virusi bila mtu kujua. Kumweka mgonjwa nyumbani hakukati ugonjwa moja kwa moja. Kunaondoa tu darasani zile siku ambazo mate yake yana virusi vingi zaidi.

Kutokana na tarehe hizo unaweza kuwapa wazazi kitu chenye manufaa kuliko hofu. Mtoto aliyeambukizwa tarehe 1 anaweza kuvimba mapema kabisa tarehe 13 Agosti. Aliyeambukizwa tarehe 4 anaweza kuchelewa mpaka tarehe 29. Wengi, kama watakuwapo, wataonekana kati ya tarehe 17 na 22. Mwandikie mzazi tarehe, usimwandikie "siku 12 hadi 25 baada ya kukutana na mgonjwa", kwa kuwa hajui mtoto wake alikutana naye lini.

Yule baba wa utasa ajibiwe, asipuuzwe, kwa maana kuna chembe ya ukweli ndani ya alichosema. Matubwitubwi huweza kushuka kwenye korodani, lakini hilo huwapata waliokwisha balehe. Kati ya wanaume na wavulana wakubwa wasiochanjwa wanaougua, wawili au watatu katika kila kumi huvimba korodani, kwa kawaida moja, wiki moja hivi baada ya shavu. Inauma sana. Lakini kuwa tasa kabisa baada ya hapo ni nadra, kwa sababu ile ya pili huwa imebaki nzima. Kwa mvulana wa miaka 8 au 9 hatari hiyo ni ndogo mno. Wa kuangaliwa ni kaka yake wa kidato cha tatu na baba mwenyewe, kama hawakuugua utotoni. Nisingeshangaa kama hiyo ndiyo hofu yake hasa, nayo haina aibu.

Jina la mtoto lisionekane popote, wala jinsi yake, wala dawati analokaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya katika kundi nyeti, na hata bila sheria, mtoto atarudi tarehe 11 na atahitaji wa kucheza naye. Wazazi watajua ni nani. Wataambiwa na watoto wao kabla ya chakula cha jioni. Shule isiwe ndiyo iliyosema. Vilevile usiandike jina la ugonjwa kabla mtoto hajaonwa kituoni, kwani si kila shavu lililovimba ni matubwitubwi. Jipu la jino huvimbisha taya, na ukigusa jino lenyewe mtoto analia. Tezi za shingo huvimba chini ya taya kama gololi unazoweza kuzitenga kwa vidole. Matubwitubwi hukaa mbele na chini ya sikio, hufuta ile kona ya taya mpaka huioni, na mara nyingi husukuma ncha ya sikio nje. Na kuna watoto ambao mashavu yao yamevimba kwa miezi bila maumivu, kwa sababu nyingine ambazo ni kati ya mzazi na daktari. Mtoto wa namna hiyo akitangaziwa matubwitubwi kwa haraka ya mwalimu, siri yake nzima inafunguliwa uwanjani. Wewe umesubiri tabibu aseme, umefanya vizuri.

Barua yenyewe ningeiandika hivi. Irekebishe upendavyo, ila tarehe usiziondoe.

Ndugu Wazazi na Walezi wa Darasa la Tatu,

Mwanafunzi mmoja wa darasa letu ameugua matubwitubwi, ugonjwa ambao wengine mnauita perema. Ameonwa kituo cha afya na anaendelea vizuri nyumbani. Atarudi shule zikishatimia siku 5 baada ya uvimbe kuanza. Tunaomba asitajwe wala kutafutwa.

Watoto wengine wote waendelee kuja shule. Huenda baadhi yao wameshaambukizwa, na kama ni hivyo, dalili zitaonekana kati ya Jumatano tarehe 13 na Ijumaa tarehe 29 Agosti. Katika siku hizo, kila asubuhi kabla hajavaa sare, mtazame mtoto usoni na chini ya masikio, na umwulize kama anaumia akitafuna. Akiwa na uvimbe, asije shule. Mpeleke kituo cha afya, kisha mjulishe mwalimu wa darasa siku uvimbe ulipoanza. Usihesabu siku hiyo. Hesabu siku 5 zinazofuata, na baada ya hapo arudi kama hana homa. Cheti hakihitajiki.

Tafadhali tazameni kadi ya kliniki ya mtoto. Chanjo ya Surua-Rubela ya miezi 9 na miezi 18 haizuii matubwitubwi. Kama mtoto alichanjwa MMR, hospitali binafsi au nje ya nchi, mwambieni mwalimu. Kama dozi ya pili ya Surua-Rubela haikutolewa, nendeni kliniki mkaulizie, kwa ajili ya kumkinga na surua na rubela. Hakuna mtoto atakayezuiwa shule kwa sababu ya kadi.

Mgonjwa mpeni maji mengi na chakula laini kama uji, mtori au wali bokoboko. Ndimu, ukwaju na machungwa vitamwongezea maumivu. Kwa homa na maumivu mpeni parasetamoli kwa kipimo cha umri wake, msimpe aspirini. Antibayotiki haitibu ugonjwa huu.

Mrudisheni kituo cha afya haraka akipata maumivu makali ya kichwa pamoja na shingo kukakamaa, kutapika kusikoisha, degedege au kuchanganyikiwa, tumbo kuuma sana, kutosikia vizuri, au maumivu ya korodani kwa mvulana. Mama mjamzito aliyekaa karibu na mgonjwa na hakumbuki kama aliwahi kuugua amweleze mkunga wake kliniki.

Mwalimu wa Darasa la Tatu, kwa idhini ya Mkuu wa Shule

Utaona sikuwaambia wazazi wakimbilie hospitali binafsi kununua MMR. Nimeliwaza sana hilo. Chanjo ikitolewa leo haimzuii mtoto kuugua kwa maambukizo ya tarehe 1 au 4, kwa kuwa mwili huhitaji wiki mbili tatu kujenga kinga na virusi vimeshatangulia. Itamsaidia kwa mgonjwa atakayekutana naye miezi ijayo. Mzazi mwenye uwezo akikuuliza, mwambie inaruhusiwa hata kama mtoto amekamilisha Surua-Rubela, na amwulize daktari kwanza kama mtoto ana ugonjwa unaodhoofisha kinga ya mwili. Mwalimu mwenzako mwenye mimba asichanjwe, kwa sababu virusi vya chanjo hiyo viko hai ingawa vimedhoofishwa. Lakini kuliweka hilo kwenye barua ya shule ni kuwaambia wazazi wa watoto 62 kwamba aliyekosa fedha amemwacha mtoto wake, na si kweli.

Kuhusu darasa, uangalie mate. Virusi hivi husafiri kwa mate, kwa kukohoa, na kwa vitu vinavyotoka kinywa hadi kinywa. Kata moja kwenye mtungi wa maji iondoke leo. Tafuteni ndoo yenye koki na kila mtoto aje na kikombe au chupa yake. Filimbi ya michezo ipulizwe na mwalimu mmoja. Barafu ya ukwaju ya shilingi mia inayofyonzwa na watoto watatu kwa zamu ndiyo ningeipiga marufuku kwanza, kabla hata ya kuwaza kupulizia dawa madawati. Kupulizia dawa kunawapendeza wazazi, lakini sabuni kwenye bomba inafanya kazi zaidi.

Wapo watakaompaka mtoto masizi shavuni. Nimeona mengi ya namna hiyo kliniki na sijawahi kugombana na bibi wa mtu kwa ajili ya masizi. Ninachogombania ni kuchanja shavu kwa wembe na kulikanda kwa maji ya moto mpaka ngozi inababuka. Ukisikia hilo, mpigie mzazi mwenyewe; usiliandike kwenye kundi.

Nakala ya barua mpelekee ofisa afya wa kata na kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na idadi ya wanafunzi na tarehe ya uvimbe wa kwanza. Kisha fungua daftari dogo lenye safu tatu: jina, siku uvimbe ulipoanza, siku ya kurudi. Likae kwenye kabati la mkuu wa shule, si mezani kwako.

Akiugua wa pili, tuseme amevimba Jumatano tarehe 20, usiandike barua ndefu tena. Tuma mistari michache kwamba kuna mgonjwa mwingine, na kwamba muda wa kuwatazama watoto umesogea. Kama hakuja shule siku hiyo aliyovimba, siku zake za kuambukiza darasani zilikuwa Jumatatu tarehe 18 na Jumanne tarehe 19, kwa hiyo mwisho mpya wa kutazama ni Jumamosi tarehe 13 Septemba. Wakifika watatu au wanne kwa mkupuo, mpigie ofisa afya siku hiyo hiyo, umwombe aje kuwaona kabla wazazi hawajaanza tena kuandikiana usiku.